Utambulisho wa Kurasa Tatu

Kwa miaka minne nilikuwa mpiga chapa katika kiwanda kimoja cha sukari huko tambarare, chini ya mji wa Moshi, ambako jua huwaka kama nalo limepangiwa lengo la mwaka. Nilipanga chumba Njoro, na kila asubuhi gari la wafanyakazi lilitupitia. Mama yangu, kule mlimani kwenye kihamba chetu cha kahawa na migomba, aliwaambia wenzake wa kanisani kwamba binti yake anatengeneza sukari. Sikumsahihisha. Nilitengeneza barua kuhusu sukari, ambazo zilikuwa nyingi kuliko sukari yenyewe. Sukari tuliipangia foleni dukani kama raia wengine.

Siku moja mkuu wa utawala aliniita ofisini kwake. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, aliyeamini kwamba hakuna tatizo duniani lisilotibika kwa hotuba. Akaniambia ujumbe wa watu kumi na wanne kutoka nchi rafiki ungetembelea kiwanda siku ya Alhamisi, na kwamba mimi nimeteuliwa kumtambulisha kwao mtu atakayewatembeza.

"Kwa nini mimi, ndugu mkuu?"

"Sauti yako inasikika. Tena una gauni la heshima."

Nikashukuru kwa niaba ya gauni.

Mtembezaji alikuwa fundi wa zamu katika sehemu ya vinu, mtu wa Singida, mwembamba, wa makamo, aliyeyapima maneno kama dawa ya macho. Alikuwa hapo tangu kabla ya kiwanda kutaifishwa. Alivaa shati la mikono mifupi lililochomekwa vizuri, na hata saa hakuvaa. Mkuu wa utawala hakumpenda, lakini hakukuwa na mtu mwingine aliyeweza kueleza muwa unaingiaje huku na sukari inatokeaje kule bila kusoma mahali.

Hotuba ya utambulisho aliiandika mkuu mwenyewe, nami nikaichapa: kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza ulieleza ukombozi wa mkulima. Wa pili ulieleza jitihada za uongozi wa kiwanda, na kila nilipofika penye neno "uongozi" nilijua ni nani anayejipigia makofi. Fundi alitokea chini kabisa ya ukurasa wa tatu, kama muhuri. Kuhusu usalama kulikuwa na sentensi moja: "Wageni wataelezwa tahadhari kadiri ziara itakavyoendelea."

Nikaona heri nimwonyeshe fundi. Nilimkuta kwenye kibanda chake karibu na vinu, akifuta miwani kwa shati.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti."

Akasoma ukurasa wa tatu peke yake. Kisha akasimama, akaniongoza hadi mlango wa vinu, akaufungua, akasema neno mbele ya uso wangu. Niliona midomo ikicheza tu. Mngurumo wa vinu ulimeza kila kitu. Akaufunga.

"Nimesema nini?"

"Sikusikia."

"Basi na wao hawatasikia. Tahadhari zote zinasemwa nje ya mlango huu, kabla mtu hajainua mguu. Ukishaingia, kilichobaki ni mikono."

Akanitajia mambo yake, nami nikayaandika nyuma ya karatasi ya hotuba. Nikamwuliza na kofia ngumu ziko ngapi. Saba, akasema, kwa hiyo wageni wataingia saba, watoke, waingie saba wengine.

Nilimpelekea mkuu. Alisoma huku akitikisa kichwa kwa huruma, kama mwalimu aliyekuta jibu la hesabu limeandikwa kwa shairi.

"Unataka kuwatisha wageni? Sisi tunaonyesha maendeleo, hatuonyeshi ajali. Na wote kumi na wanne wataingia kwa pamoja. Pilau haisubiri."

Akayafuta yote kwa kalamu nyekundu.

Alhamisi ikafika. Wageni walishuka kwenye basi wamevaa suti nzito za nchi ya baridi, wakapangwa chini ya turubai kwenye uwanja wa miwa, hatua chache kutoka mlango wa vinu. Mkalimani wao alikuwa kijana aliyejifunza Kiswahili vitabuni, na alikizungumza kwa usanifu uliotufanya sote tuonekane tumekiokota njiani. Akina mama wa kambi ya wafanyakazi waliimba, kisha wakamvika kila mgeni shada la maua shingoni na kitenge begani, ncha zikining'inia hadi magotini. Mkuu wa utawala naye alivikwa. Shada lake lilikuwa kubwa kuliko yote. Sikuuliza lilipimwa na nani.

Nilishika kipaza sauti nikaanza kusoma. Mkulima akakombolewa. Jasho liliwatiririka wageni nao wakatabasamu, maana mgeni hana la kufanya. Fundi alisimama pembeni na kofia zake saba kwenye gunia, akiitazama mashine na si mimi.

Nilikuwa katikati ya jitihada za uongozi king'ora kilipolia.

Kila mfanyakazi pale alijua maana yake: mnyororo wa kupandishia miwa, uliokuwa umesimamishwa kuondoa miwa iliyokwama, unakaribia kuwashwa tena, na kila mtu akae mbali. Wageni hawakujua, kwa kuwa hakuna aliyewaambia. Waliamini ni salamu za heshima. Wakasimama wakapiga makofi. Mkuu wa utawala, ambaye angeweza kuwaeleza, naye akapiga makofi, tena kwa nguvu zaidi.

Mgeni mmoja, mzee mwenye kamera, alifurahi kupita wenzake. Akatoka chini ya turubai, akaenda moja kwa moja kwenye ukingo wa mnyororo kupiga picha ya miwa iliyosubiri kupandishwa kuelekea kwenye visu vya kuikatakata. Akainama. Shada likaning'inia. Kitenge kikaning'inia zaidi.

Sikumwona fundi akiondoka pale alipokuwa. Nilimwona tu amefika, amemshika mzee yule mgongoni kwenye koti kwa mikono miwili, amemvuta nyuma kama mtu anayevuta mbuzi kwenye mahindi. Mzee akakaa chini kwenye vumbi. Mnyororo ukaanza kutembea mbele yake, ukiburuta miwa kwa kelele. Ua moja lililokatika kwenye shada lilidondoka juu ya miwa, likapanda taratibu, likaingia kwenye visu.

Makofi yakakoma.

"Fundi!" mkuu wa utawala akapaza sauti, kwa mara ya kwanza bila ulaini wowote. "Unamshikaje mgeni wa taifa?"

Fundi alikuwa anamkung'uta mzee vumbi. Mzee naye alikuwa ameduwaa, anautazama mnyororo, kisha kitenge chake, kisha tena mnyororo. Mkuu akanigeukia mimi. "Endelea kusoma!"

Napenda kusema kwamba nilipata ujasiri. Ukweli ni kwamba maandishi yalikuwa yananichezea, nisingeweza kusoma hata kama ningetaka. Nikashusha karatasi. Nikasema kilichokuwa kichwani.

"Ndugu wageni, huyu aliyemvuta mwenzenu ndiye atakayewatembeza. Ni fundi wa zamu wa sehemu ya vinu, na kazi hii ameifanya miaka mingi. Ndani ya mlango ule yeye ndiye mkubwa wetu sote. Tafadhali msikilizeni sasa, maana ndani hamtamsikia."

Nikampa kipaza sauti. Mkalimani akatafsiri, na nadhani aliongeza chumvi, maana wageni waliitikia kwa vichwa kama watu kanisani.

Fundi alikishika kipaza sauti mbali na mdomo, kama kitu kitakachomrukia.

"King'ora kile maana yake mashine inawashwa. Mkikisikia, simameni mlipo. Vua shada, vua kitenge, vua tai, saa weka mfukoni. Kitu chochote kinachoning'inia, kinu kinakichukua, na mwenye nacho anafuata. Kila mtu avae kofia. Tembeeni katikati ya mistari ya njano. Usiguse bomba lolote, hata likionekana limepoa, lina mvuke. Sakafu ina molasi, inateleza, shikeni reli za ngazi. Nikiinua mkono, simameni. Nikipunga hivi, nifuateni. Asiyejisikia vizuri kwa joto aniguse bega, tutoke. Kofia ni saba. Saba waingie, saba wasubiri."

Haikufika dakika mbili, pamoja na tafsiri. Wageni wakaanza kuvua mashada na tai kwa haraka, wakiwa na raha ya watu waliopewa ruhusa ya kupumua. Akina mama wakayapokea yote na kuyakunja. Hakuna aliyeona ametukanwa, isipokuwa mmoja.

"Mimi sivui," alisema mkuu wa utawala, mkono juu ya shada lake. "Nimevikwa na wananchi."

"Sawa," fundi akamjibu. "Ndugu mkuu atakaa na hao wanaosubiri."

Mzee wa kamera aliomba kuwa wa kwanza. Nilipewa kofia ya saba, ya mgeni mmoja aliyesema kifua chake hakipendi mvuke. Ndani tulitembea kati ya mistari ya njano, mmoja nyuma ya mwingine. Tuliona miwa iliyokatwakatwa ikibanwa kwenye vinu, juisi ya rangi ya udongo ikimwagika chini, makapi makavu yakipelekwa kwenye boila kuwa kuni. Fundi alipoinua mkono mara ya kwanza, wageni wote sita nao wakainua mikono yao, kwa adabu. Nilimwona akicheka. Sikujua anaweza.

Tulipotoka, wale wa pili walikuwa wamekaa wima kwenye viti vyao, macho yamewatoka. Mkuu wa utawala alikuwa ameziokota kurasa zangu na anawasomea yaliyobaki. Mkalimani alikuwa amekauka koo. Sijawahi kuona watu wakizipokea kofia za jasho kwa upendo kiasi kile.

Pilau ilipoa. Wageni waliila ikiwa imepoa, wakaomba nyingine.

Wiki iliyofuata nilipata barua ya kunitaka nijieleze kwa nini "niliacha hotuba rasmi na kumdhalilisha kiongozi mbele ya ujumbe". Niliichapa mwenyewe, kwa sababu mpiga chapa mwingine alikuwa likizo. Nikachapa na jibu, aya moja, nikasubiri kufukuzwa. Usingizi ulikuwa haba wiki ile, na nilianza kupanga namna ya kumweleza mama kwamba sitengenezi tena sukari.

Lakini ikaja barua kutoka kwa wageni, ikipitia wizarani. Walisifu mambo mengi kwa heshima, na katikati walishukuru kipekee kwa maelezo ya usalama, wakisema hawajawahi kupewa mazuri kama yale katika kiwanda chochote. Mkuu wa utawala aliisoma mara mbili mbele yangu. Barua ya kunitaka nijieleze haikutajwa tena.

Badala yake nilipewa waraka wa kuchapa, uende idara zote: kuanzia sasa, kwa maelekezo ya uongozi, mtembezaji atambulishwe kwa maneno machache, na tahadhari zote zitolewe nje ya mlango kabla ya ziara kuanza. Chini palikuwa na jina la mkuu wa utawala, na maelezo kwamba utaratibu huo ameubuni yeye.

Niliuchapa bila kosa hata moja. Nikaupeleka kibandani kwa fundi. Akavaa miwani, akausoma wote mpaka sahihi.

"Unaona alichofanya?" nikamwuliza, hasira zimenipanda.

"Naona," akasema. Akaubandika ukutani, akaulainisha kwa kiganja. "Afadhali. Sasa watausikiliza."