Lita Ambazo Hazikuandikwa

Kwa miaka sita niliwafundisha wanafunzi wa shule moja ya kilimo pale Bukavu namna ya kuchagua ng'ombe wa maziwa. Nilichora ubaoni, nikawakaripia waliokosea. Ng'ombe mwenyewe sikuwahi kununua hata mmoja. Kisha vita vikafunga barabara, maziwa ya unga yakapotea madukani, na dada yangu akafariki akijifungua. Kitoto chake cha kike kilibaki mikononi mwa mama yangu, kikinyweshwa maji ya uji, na kila juma kilizidi kuwa chepesi. Ukoo ukachanga, nikatumwa kijiji cha Nyantende kununua ng'ombe wa maziwa. Nikileta ng'ombe mbovu, mtoto tutamzika.

Mjane mmoja alikuwa na ng'ombe chotara wa rangi ya kahawia, aliyemficha jikoni kwake. Ng'ombe huyo alikuwa amezaa miezi mitatu nyuma, na ndama wake alikwisha kuchukuliwa na watu wenye bunduki. Mjane alijua mama mtu atafuata, ndiyo maana alikuwa anauza.

Alipomtoa uani nilisahau salamu. Michoro yangu yote ilikuwa imesimama mbele yangu, inacheua! Mwili mwembamba mabegani, ukapanuka kuelekea nyuma. Nyonga pana, mbavu zilizoachana, ngozi laini iliyovutika vidoleni. Chini ya tumbo mshipa wa maziwa ulipinda mnene kama mzizi. Nilimwomba mjane amtembeze juu ya mawe: hakuchechemea, magoti ya nyuma hayakugusana. Niliinua kwato moja moja, nikabonyeza katikati yake, nikanusa. Hakuna uozo. Kiwele kilikuwa kimeshikana vizuri juu na hakikuning'inia, chuchu nne zilizolingana, na nilipokipapasa sikukuta uvimbe wowote. Naona haya kusema, lakini machozi yalinilenga.

Ndipo mjane akanipa daftari la shule, limefungwa ndani ya plastiki. Kila siku aliandika maziwa ya asubuhi na ya jioni. Siku ambazo kijiji kilikimbilia msituni aliweka mstari tu. Asubuhi lita tatu. Jioni mbili. Nikapitia kurasa nzima: tatu, mbili, tatu, mbili.

Niliudhika. Ng'ombe mwenye umbo lile, miezi mitatu tu baada ya kuzaa, hatoi lita tano tu kwa siku. Nimezoea kusikia wauzaji wakiongeza, kwa hiyo hata hizo tano nilizitilia shaka.

"Maman, huyu iko na ugonjwa gani?"

"Haiko na ugonjwa, prof. Ngojea jioni, ukamue weye mwenyewe."

Nilingoja. Saa kumi nikachuchumaa. Michirizi ya kwanza niliikamulia juu ya kitambaa cheusi, nikatafuta mabonge ya ugonjwa, hayakuwepo. Nilipomaliza, kiwele kililegea kikajikunja kama mfuko mtupu, dalili kwamba kilikuwa kimejaa maziwa na si nyama. Nikapima. Lita nne.

Kabla sijafungua mdomo, wanawake watatu waliingia uani na vikombe, kila mmoja na mtoto mgongoni. Walikuwa wakimbizi kutoka Kalehe, wakilala darasani kule parokiani, na matiti yao yalikuwa yamekauka. Mjane aliwamiminia mpaka zikabaki lita mbili. Akachukua kalamu, akaandika: mbili.

"Sababu gani hauandike yote?" nikamwuliza.

Alinishangaa. "Ile ya batoto haiko yangu. Nitaiandika namna gani?"

Nilikuwa nimeona wakubwa wa mji wetu wakijiandikia vya watu, na huyu mama hakutaka hata kujiandikia wema wake. Nilitamani kupiga magoti, kweli kabisa.

Nililala parokiani, asubuhi nikakamua tena. Lita tano. Nikalipa, nikashika kamba. Tulipofika barabarani niligeuka, nikawaona wale wanawake watatu nyuma yetu, mikeka kichwani, watoto mgongoni. Mjane alikuwa anawasindikiza.

"Maman, bale banaenda wapi?"

"Banafuata ng'ombe."

Hasira zikanipanda. "Mie niko na mutoto wa dada yangu kwa nyumba! Nilikuya kumutafutia yeye maziwa. Sitaweza kulisha batoto ba Kalehe!"

Hakupandisha sauti. "Ni batatu tu, prof. Ulikamua weye mwenyewe, ukapima weye mwenyewe. Itakosa?"

Lita nne jioni, tano asubuhi. Mtoto wetu asingemaliza hata lita moja kwa siku. Nilitafuta kasoro yoyote ya kusema, na kasoro sikuwa nayo, kwa sababu ng'ombe yule nilikuwa nimemkagua vizuri mno. Wale akina mama walisimama wakiutazama uso wangu kama watu wanaosubiri hukumu. Nikawaambia watangulie, mimi na ng'ombe tutawafuata nyuma, maana barabara ilikuwa na utelezi na wao walibeba watoto.