Murembe Mbele ya Hakimu

Gentrix Muhonja amekuwa mkalimani wa mahakama hapa Kakamega tangu akiwa msichana, na wakubwa wake humsifu kwa Kiswahili laini: shahidi akitaja jambo la kimila, yeye hulitafutia neno ambalo hakimu analijua tayari, kesi ikasonga.

Leo kizimbani alisimama Selpher, mjane wa Iguhu, akishtakiwa kutishia kuua. Jirani yake, Patroba, alikuwa akitoa ushahidi kwa Kiidakho.

"Ndama wake alipopotea, alikuja kwangu akaniambia twende tukateme murembe."

Gentrix alipaswa kutafsiri. Kwenye maelezo ya polisi maneno hayo yalikuwa yameandikwa "nitakuua". Akiyafuata, Selpher anafungwa. Akisema tofauti, je, kama mama huyu kweli alikusudia kuua?

"Alimwambia waende wakaape," alisema mwishowe.

"Wacha kumtetea!" Patroba alifoka kwa Kiswahili. "Kuapa gani? Hiyo ni ya Biblia? Huyu mama alitaka nife!"

Watu wakaguna. Kiongozi wa mashtaka aliinuka. "Mheshimiwa, mkalimani anamkinga mshtakiwa."

"Madam Muhonja," hakimu alisema, "umeiambia mahakama ukweli?"

Kazi ya Gentrix ilikuwa hatarini, lakini kilichomtisha zaidi ni yule mjane aliyemkazia macho bila kupepesa.

"Sikusema uongo, Mheshimiwa, ila nimepunguza. Naomba kulirudisha neno lenyewe, na ruhusa ya kulieleza."

"Endelea."

"Alisema wakateme murembe. Murembe ni mti." Bibi yake Gentrix hakuwaruhusu wajukuu hata kuvunja tawi la mti huo. "Watu wakishukiana, huenda kuutema kwa panga mbele ya ukoo. Inaaminika kwamba mwongo atakufa. Kwa hiyo si kiapo cha kawaida, kifo kimo ndani yake. Lakini si 'nitakuua' pia."

"Mwongo yupi? Anayeshukiwa?"

"Yeyote kati yao. Anayesingizia pia hufa. Na wote wawili hutema."

Hakimu alimgeukia Patroba. "Ni kweli hivyo ndivyo ilivyo kwenu?"

Patroba aliinamisha kichwa. "Ni kweli."

"Alikushikia silaha? Alisema atakufanyia kitu yeye mwenyewe?"

"Hapana. Ni huo mti tu."

Hakimu alimwomba Gentrix atamke neno herufi kwa herufi, akaliandika lilivyo, bila kulibadilisha. Ushahidi ulipokwisha, alisema hakuona kesi ya kujibu: mtu aliyejitolea kuhatarisha uhai wake sawa na wa mwenzake hakutoa tishio linaloshtakiwa hapa. Selpher aliachiliwa.

Kwenye ukumbi wa nje mjane huyo alimshika mkono. "Mwanangu, ulinitisha. Uliposema kuapa, nilidhani unawaambia nilifanya mchezo."

Gentrix aliubana mkono huo, kisha akageuka kurudi ndani. Karani alikuwa tayari anaita kesi inayofuata, shahidi akiwa mzee wa Malava asiyejua Kiswahili.