Kipande cha Pili

Nitaanza na aibu, maana nikiichelewesha nitatafuta namna ya kuipamba. Siku ile ng'ombe wa bibi mmoja, jirani wa mama yangu mdogo, alipokuwa anakula kitu ambacho roboti yangu ilikuwa imemkataza, mimi nilikuwa Moshi mjini, kwenye chumba changu cha kupanga, nimekaa dakika ishirini natafuta maneno mazuri ya kusema nimekosea.

Programu sikusomea. Nilijifunza kwenye simu, halafu kwenye kompyuta iliyotumika ambayo kitufe chake cha herufi R kilikuwa kinabonyezwa kwa kucha. Mtu wa namna hiyo hujifunza kila kitu kwa woga. Sijawahi kuamini kwamba kitu nilichokitengeneza kinafanya kazi, hata nikiwa nakitazama kinafanya kazi.

Roboti yenyewe niliitengeneza kwa ajili ya kikundi cha wafugaji wa Masama, ambako mama mdogo wangu ni katibu. Mfugaji anaandika swali kwenye simu, roboti inamjibu. Majibu yalitoka kwenye daftari la bwana mifugo mstaafu, mzee aliyeandika kwa mkono mambo yote anayoyajua kuhusu ng'ombe wa zizini, na mimi nikayachapa. Nilipomwomba afupishe, alinitazama juu ya miwani.

"Nifupishe nini, mwanangu? Ng'ombe mwenyewe ni mrefu."

Sasa programu ya ujumbe tuliyotumia haipokei ujumbe mmoja unaozidi herufi elfu nne na tisini na sita, nafasi na alama zikihesabiwa. Ukizidisha hata herufi moja, unakataliwa wote. Jibu la mzee kuhusu tumbo kujaa gesi peke yake lilikuwa zaidi ya herufi elfu tisa. Ikabidi nilikate.

Mara ya kwanza nilikata kijinga: kila herufi elfu nne, panga. Maneno yakakatika katikati. Tena nilituma vipande vyote kwa pamoja bila kungoja, na cha tatu, kwa kuwa kilikuwa kifupi, kikafika kabla ya cha kwanza. Mama mdogo alinipigia kuniambia roboti imeanza kwa kuaga.

Nikarekebisha. Kila kipande kikangoja mpaka mtambo uthibitishe kwamba kilichotangulia kimepokelewa. Nikaifundisha programu itafute kwanza mstari mtupu kati ya aya mbili, ikate hapo. Ikikosa, ikate mwisho wa sentensi. Ikikosa kabisa, kwenye nafasi kati ya maneno. Nikaongeza maandishi madogo, "Sehemu ya 2 kati ya 3", nayo yakazidisha urefu, ujumbe ukakataliwa, nikajifunza kuyatengea nafasi kabla ya kukata. Alama za herufi nene zilizofunguliwa kipande hiki na kufungwa kipande kingine zilikataliwa pia, nikazifunga na kuzifungua upya kila mahali. Wiki tatu. Maandishi ya sehemu niliyaweka chini kabisa kwa sababu juu yaliniudhi macho.

Mwishoni nilikuwa na kitu kilichokuja kwa mpangilio, bila neno lililokatika, bila kipande kilichopotea. Nilikisoma mara nyingi mno nikitafuta kosa. Kosa lilikuwepo, ila lilikuwa mahali ambapo nilijisifu.

Daftari la mzee lilikuwa na orodha yenye kichwa: "Wakati wa mvua usimpe ng'ombe vitu hivi." Chini yake vitu sita. Nilipoichapa niliona imebanana, nikaacha mstari mtupu kati ya kitu na kitu ili ipendeze. Ilipendeza kweli. Lakini kwa programu yangu mstari mtupu ni mwisho wa aya, na mwisho wa aya ni mahali pazuri pa kukata. Kwa hiyo kichwa na vitu viwili vya kwanza vilibaki mwisho wa kipande cha kwanza. Vitu vinne vilivyobaki vilifungua kipande cha pili, vikiwa safi kabisa, bila neno "usimpe" popote: majani mabichi ya maharage yaliyoloa. Pumba nyingi kwa mlo mmoja. Viazi vizima. Majani mabichi ya lusini kwa ng'ombe mwenye njaa. Baada ya hapo ndipo ikafuata huduma ya kwanza kwa ng'ombe aliyejaa gesi.

Ilikuwa masika, mchana. Mama mdogo aliiuliza roboti kuhusu gesi, akasoma vipande vyote vitatu, akaelewa vizuri. Halafu akafanya kama wanavyofanya watu wote wa kikundi kile, jambo ambalo nilikuwa naliona kila siku na sikulifikiria hata mara moja: akachagua kipande kimoja, kile chenye huduma ya kwanza, akakisambaza kwenye kundi lao la simu. Kule hakuna anayesambaza vyote. Simu za kina mama zimejaa picha za misiba na harusi, na mtu akituma meseji tatu ndefu mfululizo anaulizwa kama anagombea udiwani.

Mimi nilikuwemo kwenye kundi. Nilikiona kipande kikiingia na nikafurahi, Mungu anisamehe, kuona kilivyokaa vizuri kwenye kioo. Kisha likaja jibu la bibi jirani wa mama mdogo, mjane mwenye ng'ombe mmoja, tena mwenye mimba kubwa, ambaye ada ya mjukuu na sukari ya nyumba vilitegemea kiwele kile. Aliandika: "Asante katibu. Maharage yapo tele chini ya mahindi, naenda kukata."

Nilisoma mara mbili.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kufuta kipande kwenye mazungumzo ya roboti na mama mdogo. Kikafutika pale. Nakala yake kwenye kundi ikabaki imetulia, maana kilichokwisha kusambazwa hakifuatani tena na kilikotoka. Kitu cha pili kilipaswa kuwa kupiga simu. Badala yake nikaanza kuandika masahihisho. Niliandika, nikafuta. "Samahani kwa usumbufu" ilisikika kama tangazo la umeme kukatika. Nikaeleza kuhusu mistari mitupu, nikaona najitetea. Nikatafuta sentensi ambayo ingewaambia kuna kosa bila kuwaambia kwamba kijana wa katibu hajui kazi. Nilipoituma, saa ilikuwa imesogea dakika ishirini. Nilikuwa nimechagua sura yangu badala ya ng'ombe wa mtu.

Ndipo nikampigia mama mdogo.

"Bibi hajaisoma," akasema. "Simu anaiacha ndani akienda shambani. Na wewe, barua ndefu namna ile nani aisome?"

"Mama mdogo, nenda kwake. Tafadhali. Mwambie asimpe yale majani."

"Niko kituo cha maziwa, naosha makopo."

"Acha makopo."

Nadhani hajawahi kusikia nikimwamuru. "Haya," akasema. "Nakwenda."

Nilipanda daladala mpaka Bomang'ombe, nikachukua bodaboda kwenda juu Masama, barabara ikiteleza, nikijiambia kwamba majani machache si kitu, kisha nikijiambia kwamba ni kitu. Mzee alikuwa amenieleza zamani jinsi maharage mabichi yaliyoloa yanavyotoa povu tumboni, gesi ikanaswa humo, ng'ombe asiweze kuitoa kwa kucheua, na mwishowe akashindwa kuvuta pumzi. Nilikuwa nimeyachapa maneno hayo mwenyewe. Nilihesabu hata herufi zake.

Nilipofika kwenye kihamba cha bibi, shamba la migomba linalozunguka nyumba yake, ng'ombe alikuwa ametolewa zizini. Ubavu wake wa kushoto ulikuwa umetuna kama ngoma. Kina mama wawili walikuwa wamemshika, wamemsimamisha kwenye mteremko kati ya migomba, miguu ya mbele ikiwa juu. Mama mdogo alikuwa na chupa ya mafuta ya kula, na mzee wetu wa daftari, aliyeitwa na mama mdogo akaja kwa miguu kutoka ng'ambo ya korongo, alikuwa anayamimina taratibu pembeni ya mdomo, akingoja ng'ombe ameze.

"Shikamoo bibi," nikasema. "Shikamoo baba."

"Marahaba," mzee akajibu bila kugeuka. "Sugua hapa. Kwa ngumi, sio kama unapapasa mtoto."

Nikasugua ule ubavu. Ulikuwa mgumu, wenye joto. Bibi alisimama mbele ya ng'ombe akimsemesha kwa Kichagga, sauti ya chini, mfululizo, bila kunitazama. Mzee alikuwa ameweka sindano yake nene ya kutobolea tumbo ili gesi itoke juu ya jani la mgomba, na kila baada ya muda aliitazama, na mimi nikimwona anaitazama. Sijui tulikaa muda gani. Najua mikono ilikufa ganzi na sikuthubutu kubadilisha.

Kisha ng'ombe akacheua. Harufu chungu ilitupiga usoni, akacheua tena, na chini ya ngumi zangu ubavu ukaanza kulegea. Mama mdogo akakaa chini kwenye matope na gauni lake la kikundi.

"Mtembeze," mzee akasema, akaifunga sindano yake kwenye kitambaa.

Nikamwambia bibi kosa ni langu. Nikaanza kueleza kuhusu aya na mistari. Aliniacha niseme mpaka nikakwama mwenyewe.

"Mimi nilisoma kilichoandikwa," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Kilikuwa kimeandikwa vizuri."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko kama angenitukana.

Wiki iliyofuata nilikaa na mzee kwenye kibaraza chake tukalivunja daftari upya. Orodha sasa haitenganishwi na kichwa chake; ikiwa haitoshi kwenye kipande, inahamia yote kipande kinachofuata, na ikiwa ndefu kuliko kipande kizima, kichwa kinarudiwa juu ya kila kipande. Kila kitu kilichokatazwa kimebeba katazo lake chenyewe: usimpe majani ya maharage, usimpe viazi vizima. Maandishi ya sehemu yamepanda juu kabisa, yanaudhi macho, na yanaeleza kipande kinahusu nini. Mzee alilalamika kwamba tunarudia rudia kama mhubiri. Nikamwambia ndiyo, tunarudia.

Lakini sikujiamini, kwa hiyo nilipanda tena kwa bibi na simu yangu. Nilimwomba asome kipande cha pili tu, kana kwamba vingine havikuwahi kuandikwa. Alivaa miwani, akakaa kwenye kigoda mlangoni pa zizi, ng'ombe akitafuna nyuma yake. Alisoma polepole, midomo ikitembea.

Akafika karibu na mwisho, akasimama, akaweka kidole kwenye kioo.

"Hapa umeniambia nimpe mafuta kwa kipimo kilichotajwa hapo juu," akasema. "Juu wapi?"

Nikatazama. Kipimo kilikuwa kwenye kipande cha kwanza. Nikatoa kalamu mfukoni, na bibi akasogea kwenye kigoda kunipa nafasi, akasema tuanze tena mwanzo, yeye akisoma na mimi nikiandika kila mahali anaposimama.