Kifaa cha Kumi

Mtu akiingia kwa mara ya kwanza katika saiba ya Katunge, duka lake la intaneti pale Mwiki upande wa Ruiru, jambo la kwanza atakaloliona ni namna mama huyu anavyotoa nenosiri la Wi-Fi. Halitamki, wala hajalibandika ukutani kama wenzake. Huchukua kipande cha karatasi, akaliandika kwa penseli, akampa mteja mwenye laptopu na kusimama kando yake mpaka aliingize. Kisha hunyoosha mkono arudishiwe karatasi yake, akairarua vipande vinne.

Wanafunzi humcheka. "Mama Lynn, hiyo ni Wi-Fi ama ni siri ya serikali?"

Yeye hutabasamu tu. Hawezi kuwaeleza kwamba maneno yale si ya kusomwa kwa sauti dukani. Nenosiri ni *chekakidogokatunge*. Kaleli, mumewe, ndiye aliyelichagua siku walipofungua biashara, na hakuna aliyewahi kulibadilisha tangu hapo. Mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita, lori lilimgonga Kaleli akivuka barabara Githurai 45. Polisi walimrudishia Katunge pochi, viatu na funguo za saiba. Simu haikuonekana.

Ndani ya simu hiyo mlikuwa na sauti yake. Kila alipochelewa kazini alikuwa akimrekodia binti yao hadithi ya sungura na fisi, na Lynn aliisikiliza baba akirudi, wakilala kifudifudi kitandani na simu katikati yao. Sasa Lynn ana miaka sita. Majuzi aliuliza akiwa anapiga mswaki, "Mama, sauti ya Baba ilikuwa nene ama nyembamba?" Katunge akafungua kinywa amjibu, akagundua kwamba yeye mwenyewe hana hakika.

Jumatatu moja, saa mbili kasorobo asubuhi, mlango ukiwa umefunguliwa nusu na kompyuta zote bado zimezimwa, printa iliamka.

Katunge alikuwa ameinama akifagia. Alisikia ikiguna, ikivuta karatasi, ikianza kuchapa polepole kama inayofikiria. Alisimama na ufagio mkononi. Karatasi ilitoka uso chini. Alipoigeuza aliona picha yake mwenyewe: amesimama nyuma ya kaunta hiyohiyo, kichwa amekirusha nyuma, anacheka mpaka meno ya mwisho yanaonekana. Blauzi ya kijani aliyovaa alikuwa ameigawa zamani. Picha hiyo hakuwahi kuiona.

Aliketi. Aliwasha kompyuta ya kaunta na kufungua ukurasa wa ruta, ule unaoorodhesha vifaa vilivyounganishwa. Biashara ina vifaa tisa: kompyuta sita, printa, simu yake na simu ya Trizah, msichana anayemsaidia kazi. Trizah alikuwa bado hajafika, kwa hiyo orodha ilipaswa kuwa na vitatu: kompyuta hii, printa na simu yake. Ilikuwa na vinne. Cha nne hakikuwa na jina, ila mstari mfupi mahali pa jina, na anwani yake ya herufi na tarakimu kumi na mbili.

Kaleli alikuwa mtu wa daftari. Kila kifaa kilichoingia dukani alikiandika anwani yake na siku kilipofika. Katunge alipekua ukurasa wa vifaa tisa, hakuiona. Akafunua ukurasa wa mwisho, ambako Kaleli aliandika vitu vyake binafsi. Alipitisha kidole chini ya kila herufi, mara mbili, kisha mara ya tatu kwa sauti.

Ilikuwa simu ya mumewe.

Alitoka mbio hadi nje. Wi-Fi yake haifiki mbali. Hatua arobaini na imekufa. Ndani ya hatua hizo kulikuwa na saluni, kibanda cha mboga, fundi viatu, ngazi za kanisa la ghorofani, na watu kama thelathini wanaongoja gari, karibu kila mmoja ameinamia simu. Aliwatazama mmojammoja. Mwanamke mmoja akamsalimia, "Mama Lynn, umepoteza nini?"

Aliporudi ndani kifaa kilikuwa kimeondoka kwenye orodha.

Hakumwambia mtu. Picha aliikunja akaiweka kwenye Biblia aliyokuwa nayo chini ya kaunta. Jumanne saa mbili kasorobo kifaa kilirudi, kikakaa dakika ishirini. Jumatano vivyo hivyo. Alikuwa akiamka mapema kuliko ilivyo lazima, akifika na kuketi mbele ya ule ukurasa, akiubonyeza ujirudie, mpaka ule mstari mfupi usio na jina utokeze. "Umekuja," alinong'ona Jumatano, na akaona haya. Lakini moyo wake ulikuwa na hesabu yake. Kama mtu angekuwa ameifuta simu ile yote, kama wafanyavyo wauzaji wa simu za mkono wa pili, nenosiri la Wi-Fi lingefutika pia. Simu iliyofutwa haiwezi kuujua mtandao huu. Kwa hiyo haikufutwa, na sungura na fisi bado wamo.

Alhamisi Trizah alifika mapema na kumkuta katika hali hiyo.

"Mama Lynn, hiki ni cha nani?"

"Kipi?"

"Aki usinifanye mjinga. Hiki hakina jina."

Katunge alimweleza. Trizah alishika mdomo, macho yakajaa machozi, kisha akayafuta kwa kiganja kama mtu anayefuta meza. "Pole. Pole sana. Lakini si kifunge leo? Ni kubonyeza tu."

"Nikikifunga hakitarudi tena."

"Na kisipofungwa? Kama kinafikia printa, hakifikii folda ya skani?"

Katunge alilijua jibu tangu Jumatatu. Ile folda waliiacha wazi kwa kila kifaa kilicho ndani ya mtandao, ili mteja achapishe kutoka kompyuta yoyote bila kungoja. Ndani yake mlikuwa na vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, hati za mashamba. Alikuwa amerarua karatasi mwaka mzima, na mlango wenyewe ulikuwa wazi.

Wakati huohuo Mzee Waweru aliingia, mkulima wa Mugutha, amekuja kuchukua nakala za hati ya shamba lake. Katunge angeweza kumpa bahasha na kumwambia siku njema. Alimvutia kiti.

"Mzee, nina jambo la kukuambia, na si zuri."

Alimweleza yote, isipokuwa picha. Mzee alimsikiliza huku akizungusha kofia magotini.

"*Ngai!* Kwa hivyo hati yangu imekuwa ikilala nje kama kuku?"

"Sijui kama kuna aliyeishika. Najua tu kwamba angeweza."

"Na wewe ulijua lini?"

"Jumatatu."

"Leo ni lini?"

"Alhamisi."

Mzee Waweru aliacha kuizungusha kofia. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuuma Katunge zaidi. "Mama Lynn, mimi nilimzika mke wangu. Najua mtu anaweza kuketi na kitu. Lakini shamba hilo ni la watoto wangu, halimo kwenye kilio chako. Funga hiyo kitu nikiwa hapa hapa. Nitangoja."

Basi akaifunga, mzee akiwa ameketi na bahasha mapajani kama askari.

Kwanza aliipiga picha ile orodha, pamoja na anwani na saa, aipeleke kituo cha polisi ambako alikuwa ameripoti simu ilipopotea. Akaiondoa folda kwenye mtandao, ili isionekane ila kwenye kompyuta ya kaunta, kwa nenosiri lake yenyewe. Kisha akaiingiza ile anwani kwenye orodha ya vifaa vilivyokatazwa. Mstari mfupi ukazimika. Alipaangalia mahali ulipokuwa.

"Basi imeisha," alisema Mzee Waweru, akianza kuinuka.

"Bado, mzee," alisema Trizah. "Hiyo ni kumfukuza mgeni tu. Funguo bado anazo. Akija na simu nyingine, anwani ni nyingine, anaingia."

"Alaa! Basi badilisheni kitasa."

Hapo ndipo mkono wa Katunge ulipogoma. Maneno yale matatu yalikuwa kila mahali, maana Kaleli alipenda kitu kimoja kifungue vyote: Wi-Fi, ukurasa wa ruta, hata barua pepe ya duka, ambayo alikuwa akiifungua kwenye simu hiyohiyo. Ilibidi yaondolewe kote.

"Mama Lynn," alisema Trizah kwa upole, "nikuandikie mimi?"

"Hapana. Aliyeyaandika ni bwanangu. Nitayafuta mimi."

Alianza na nenosiri la ruta, ili asiwepo wa kutengua atakachofanya. Akaja kwenye la Wi-Fi. Kishale kikarudi nyuma herufi moja moja, kwanza e-g-n-u-t-a-k, jina lake kinyumenyume, mpaka kisanduku kikabaki kitupu, na kwa sekunde chache hakuwa na jina popote katika mtandao wa mumewe. Akaandika jipya, refu, lisilo na mtu ndani yake. Akafungua mtandao wa pili kwa ajili ya wateja, usioweza kuifikia printa wala kompyuta. Akabadilisha nenosiri la barua pepe na kuiamuru itoke kwenye vifaa vyote ilikofunguliwa. Ruta ikazima taa zake, ikaziwasha upya. Trizah akasoma daftari kwa sauti, na kifaa kimoja kimoja kikaingizwa upya kwa nenosiri jipya, alama ya penseli mbele ya kila kimoja. Tisa.

Mzee Waweru alisimama, akavaa kofia. "Hao wengine wenye hati humu, utawaambia?"

"Nitawapigia wote leo."

"Waambie Waweru alikuwepo akaona." Mlangoni akageuka. "Na huyo mwenye simu, amezoea Wi-Fi ya bure asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Basi kesho atakasirika," alisema mzee, akaenda zake.

Katunge alibaki amesimama. Kisha aliifungua Biblia, akainyoosha ile picha kwa kiganja, na kuandika chini yake kwa kalamu nene: *Wi-Fi imebadilishwa. Anayetaka kuingia aje ndani, aulize kwa Katunge.* Aliibandika mlangoni kwa nje, kwenye usawa wa macho. Trizah aliitazama picha, akamtazama mwenyewe.

"Sijawahi kukuona ukicheka hivi."

"Hata mimi."

Ijumaa alifika kabla ya saa moja na nusu, amevaa vizuri kidogo, akamleta Lynn asiyekuwa na shule siku hiyo. Aliufungua mlango wote, si nusu. Juu ya kaunta aliweka daftari, akalifunua ukurasa wa mwisho, wenye anwani ya simu ya Kaleli, na kando yake kipande cha karatasi kisichoandikwa kitu na penseli. Kwenye ukurasa wa ruta vilikuwepo vitatu tu, vyote vina majina.

"Mama, tunangoja nani?"

"Mtu aliye na hadithi yako."

"Anaitwa nani?"

"Sijui. Kaa wima."

Nje, pale wanapongojea magari, watu walikuwa wameanza kukusanyika, vichwa vimeinamia simu. Saa ya kompyuta ilionyesha saa mbili kasoro dakika kumi na sita. Katunge alishika penseli, akageuza kiti kikatazama mlango.