Zohali katika Nyumba Yake ya Saba

Rafiki yangu wa Ngokolo alichumbiwa akiwa na miaka arobaini na tatu, tayari amekata tamaa. Mimi husoma nyota, nikamwandikia barua:

“Ulizaliwa alfajiri, nyota ya Punda ikichomoza mashariki. Sayari ya Zohali ilikuwa inazama magharibi, katika nyumba ya saba, ya ndoa. Hapo huchelewesha, lakini hainyimi. Tena iko katika nyota ya Mizani, penye heshima yake, kwa hiyo itakupa mume mtu mzima asiyekimbia.”

Akanipigia simu. “Kweli hakimbii, dada. Vumbi la mashimo ya dhahabu ya Geita limemla mapafu. Hata kutembea kunamshinda.”

Nikamwambia Zohali ni mzigo pia.

“Basi nitaubeba,” akasema.

Jumamosi, bwana harusi alikula kiapo ameketi, na sisi tukangoja kikohozi kipite.