Wiki Tatu za Kuganda Darasani

Mie sipendi kuongea mbele za watu. Hata shule nikijua jibu nabaki nalo kifuani mpaka mwingine anyooshe mkono. Kwa hiyo mama aliponiandikisha masomo ya hesabu ya mtandaoni wakati wa likizo, nilifurahi. Nilidhani nyuma ya simu nitajificha vizuri.

Darasa lilikuwa Jumanne na Alhamisi, saa kumi jioni. Madam wetu alikuwa mkali lakini anaeleweka. Siku ya kwanza alitoa sheria yake. "Nikikuita ukakaa kimya, nakuwekea alama. Alama tatu, nakuhamishia kundi la notisi." Kundi la notisi maana yake hamfundishwi tena, mnatumiwa kurasa zilizopigwa picha, basi. Mie hesabu za duara zilishanishinda darasani kwetu, na mtihani wa kidato cha tatu ulikuwa unakuja. Kurasa nilikuwa nazo tele. Nilichokosa ni mtu wa kunieleza.

Wiki ya kwanza mambo yalienda sawa. Ya pili nikaanza kuganda.

Kuganda kwenyewe kulikuwa hivi: Madam anachora duara ubaoni, anasema, "Sasa hii pembe ya katikati ni mara mbili ya..." halafu anasimama, mdomo wazi, chaki hewani. Nasubiri. Sauti inarudi imekatikakatika kama ya roboti, maneno matatu kwa mpigo, halafu naona duara limeshafutwa na kuna jingine. Mara mbili ya nini, sikujua mpaka jioni hiyo ikaisha.

Siku hiyo akaniita. Nilimsikia akisema jina langu, nikajibu, nikaona picha yangu mwenyewe imeganda nimefumba macho nusu. Nikaandika ujumbe, "Madam nipo, mtandao unasumbua." Ujumbe ulizunguka weee, ukafika ameshamwita mwingine.

Mvulana mmoja wa darasa lile akaandika, "Huyu mtandao wake una aibu kama mwenyewe." Ule ujumbe wake ulifika haraka sana. Alama ya kwanza.

Nilifikiri bando limeisha. Mama akaangalia, halijaisha. Mama ni karani kwa wakala wa mizigo Kurasini, na sie tunakaa Kimara, kwa hiyo anatoka alfajiri na kurudi usiku amechoka. Akasema, "Basi hiyo kampuni ndiyo ovyo, mwanangu." Nikazima simu nikawasha. Nikahamia jikoni, nikahamia kibarazani, nikakaa juu ya ndoo karibu na bomba. Kilichonichanganya ni kwamba video za kawaida zilicheza. Zinasuasua mwanzoni, zikishajipakua kidogo zinakwenda. Darasa la moja kwa moja haliwezi kujipakua mapema, kwa sababu Madam anayoyasema bado hajayasema. Hilo nililijua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba nataka kulia.

Alama ya pili nitaisema ukweli, kwa kuwa hapa naandika mwenyewe. Siku ile sikuwa nimeganda. Madam aliniita, sauti ilifika safi, na mie sikujua jibu. Nikakaa kimya bila kupepesa macho ili aone nimeganda. Akangoja. Akasema, "Haya, bado moja."

Jumatano, siku moja kabla ya darasa, nikapiga simu huduma kwa wateja. Muziki ulicheza mpaka sikio likawa la moto. Kaka aliyepokea alikuwa mpole.

"Dada, taa ya mtandao hapo kwenye ruta inawaka rangi gani?"

"Ngoja niangalie."

Nikaenda sebuleni. Ruta yetu ni ile ya kuwekwa laini ya simu, nyeupe, na ilikuwaga pembeni ya televisheni dirishani. Pale palikuwa na kitambaa cha kufuma na chombo cha maua ya plastiki.

"Dada, upo?"

"Nipo. Ila ruta siioni."

"Huioni kivipi?"

"Haipo."

Nadhani alikuwa anazuia kucheka. "Dada, itafute ruta kwanza, halafu utupigie."

Ila kama imeibiwa, mbona simu bado ilionyesha imeunganishwa, kamstari kamoja? Nikaanza kutembea nyumbani na simu mkononi, macho kwenye vile vimistari. Jikoni kimoja. Koridoni kimoja. Chumbani kwa bibi, viwili. Nikainama nyuma ya kabati la chuma la chumba kile, lile la ofisini ambalo babu aliuziwa alipostaafu akampa mama, na pale nikaona waya mwembamba mweusi umetoka kwenye soketi ukaingia kwenye tundu la kutu mgongoni mwa kabati.

Bibi, mama yake mama, alikuwa amekuja kutoka Newala kutibiwa macho, wiki ile ile nilipoanza kuganda. Nikamkuta kibarazani anamenya karanga, funguo zimefungwa kwenye pindo la kanga kama kawaida yake.

"Shikamoo bibi. Ile mashine nyeupe iko kabatini?"

"Marahaba, mke mwenzangu. Ipo salama kabisa."

"Kwa nini umeiweka kule?"

"Hukusikia jirani walivyomvulia simu dirishani? Mti mrefu na ndoano, kama wanavua samaki. Na wewe mashine ya shule yako unaiweka dirishani, inawaita. Nikaifungia. Tena nimeiwekea vitenge isije ikapigwa na baridi."

Nilitaka kukasirika. Wiki tatu. Alama mbili, nimechekwa, na siku zote hizo mwizi wa darasa langu alikuwa anamenya karanga. Nikasema tu, "Bibi, naomba ufungue."

Alipofungua, ruta ilikuwa chini ya vitenge sita, ya moto kama chapati. Taa ya mtandao nyekundu. Nikamwomba ashike simu yangu aangalie vimistari huku mie nafungua na kufunga mlango.

"Sasa?"

"Vinne."

Nikafunga. "Sasa?"

"Viwili. Vingine vimejificha."

"Na hiyo taa nyekundu ni kwamba yenyewe inapata mtandao kwa shida, bibi. Inatakiwa isikie mnara kule nje, halafu iniambie mie huku. Chuma kinaizuia isisikie, na kinaizuia isiseme. Mtandao unapenya kwenye tundu la waya na upenyo wa mlango tu."

Bibi akagonga mlango wa kabati. "Kumbe nimeifunga mdomo na masikio."

"Ndiyo."

"Lakini dirishani hairudi."

Tukabishana mpaka maghrib. Mwisho tukaifunga kwa kipande cha kanga kwenye msumari juu kabisa ya mlango wa sebule, ukuta wa tofali, mbali na dirisha, mti wa mwizi haufiki. Ikakaa kidogo, ikapoa, taa ikageuka kijani.

Alhamisi Madam alipoingia, mdomo wake ulikwenda sawasawa na sauti. Akaniita mapema: pembe ya katikati ni themanini, ya kwenye mzingo ni ngapi? Nikaona uso wangu kwenye simu unapepesa macho, kila mtu anauona. Sikuwa tena na pa kujificha.

"Pembe ya katikati ni mara mbili ya ile ya kwenye mzingo," nikasema, sauti inatetemeka na inasikika yote. "Kwa hiyo hii ni thelathini."

"Mara mbili ni sawa. Hesabu yako ya kugawa siyo. Rudia."

Nikarudia. Arobaini.

"Haya. Endelea kukaa na sie," Madam akasema, akachora duara jingine.

Bibi alikuwa mlangoni, chini ya ruta, na bakuli lake la karanga. Akaninong'oneza kwa sauti ambayo darasa zima liliisikia, "Mke mwenzangu, wanakupata sasa?"