Bango la Bwawani

Mimi sijui kukaa. Hata pale mapokezi ya hoteli nilipofanya kazi, nje kidogo ya mji wa Voi, nilikuwa nikisimama, nikipanga funguo, nikifuta kaunta iliyokwisha kufutwa. Kwa hiyo meneja aliponiambia kuwa kuanzia Jumapili ijayo familia za wafanyakazi zitaruhusiwa kuogelea alasiri, na kwamba mimi ndiye nitakayeandika masharti ya bwawa kwa Kiswahili, sikulala vizuri usiku huo.

Bango la Kiingereza lilikuwepo tayari, la wageni. Lilisema usikimbie, usipige mbizi upande wa maji machache, usilete chupa, hakuna mwokoaji, na watoto lazima wasimamiwe na watu wazima. Rahisi, sivyo? Lakini mimi nimezaliwa Mbololo, vilimani. Maji niliyoyajua ni ya mtaro wa shamba, yanayofika kwenye vifundo vya miguu. Bwawa lile la buluu lilinitia hofu tangu siku ya kwanza, na hofu hiyo ndiyo iliyoshika kalamu. Niliandika: HATARI! MAJI HAYA YANAUA! MTOTO AKIINGIA HATOKI!

Meneja alisoma, akacheka mpaka akavua miwani. "Mama, nimewaalika watu kuogelea au kuzikana?"

Nilikasirika. Nikampelekea karatasi ile mtunza bwawa, mzee mmoja aliyetoka kando ya ziwa huko magharibi, aliyekuwa akiopoa majani kwa wavu wake mrefu. Nilitaka aniunge mkono. Hakuniunga.

"Ukimtisha mtu, atakaa wapi?" akaniuliza.

"Mbali na maji. Si ndiyo vizuri?"

"Yeye atakaa mbali. Mtoto hatakaa mbali. Mtoto hajui kusoma."

Haya basi. Nikararua, nikaanza upya, safari hii kwa adabu. Yale maneno ya watoto kusimamiwa na watu wazima yalinisumbua. Niliyaona yanawakaripia wazazi wenzangu, wake wa wapishi na wa madereva, kana kwamba hawajui kulea. Na mchoraji wa bango alikuwa akilalamika kuwa ubao ni mfupi. Nikaandika: Tafadhali, watoto wadogo wasiachwe peke yao. Laini, fupi, haimuudhi mtu. Meneja akatia sahihi, mchoraji akapaka rangi, nami nikalipita bango lile mara kumi kwa siku, nikijisifu moyoni.

Jumapili ikafika. Akina mama tulikaa kwenye kivuli cha baraza na soda zetu, hatua thelathini hivi kutoka majini. Wengi wetu tulisoma bango tulipoingia, hata tukalisifu. Na tulilitii. Wallahi tulilitii! Kila mtoto mdogo alikuwa na dada yake. Nani kwetu humwacha mtoto peke yake? Msichana akifika miaka saba, minane, anabebeshwa mdogo wake mgongoni, na mama anakwenda shambani au sokoni kwa amani. Mimi mwenyewe nililea wadogo zangu watatu hivyo, kabla meno yangu ya utoto hayajaisha kung'oka. Binti yangu alikuwa na miaka tisa. Nilimwambia, "Mshike mdogo wako," nikageukia mazungumzo.

Kijana wangu alikuwa na miaka minne. Walikaa wote wawili kwenye ngazi ya upande wa maji machache, maji yakimfika kiunoni. Ngazi ile ina vidato vitatu, kisha sakafu. Kwa mtu mzima ni maji ya kifua. Kwa mtoto wa miaka minne ni juu ya kichwa.

Hakukuwa na ukelele. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo, maana siku zote niliamini kuwa mtoto akizama utasikia. Nilisikia tu mtu akijitupa majini, nikageuka, nikamwona yule mzee amezama na shati na viatu, kisha ameinuka na mwanangu mikononi.

Nilikimbia, nikateleza, nikainuka. Mtoto alikohoa, akatapika maji, akalia. Kilio kile kilikuwa kitamu kuliko wimbo wowote niliowahi kusikia. Binti yangu alikuwa amesimama majini, mikono imenyooka mbele. Nilimvuta nje nikamchapa kofi mbele ya watu wote.

"Nilikwambia nini? Nilikwambia umshike!"

Aliingiza vidole mdomoni akaviuma. Gari la hoteli likatupeleka hospitali, kwa sababu mzee alishikilia kuwa mtoto aliyemeza maji lazima aangaliwe hata akionekana mzima. Walimweka mpaka jioni, wakamsikiliza kifua tena na tena, wakaturuhusu.

Jumatatu sikuwa na raha kabisa. Nilikwenda bwawani kabla hata ya kufungua kaunta yangu. Nilitaka kumshukuru yule mzee, lakini kilichotoka kinywani kilikuwa lawama.

"Watu hawasomi!" nilisema. "Bango liko pale, kubwa, na watu hawasomi!"

Aliendelea kuvuta wavu. "Bango linasema wasiachwe peke yao."

"Ndiyo."

"Wako alikuwa peke yake?"

Alikuwa na dada yake. Wote walikuwa na dada zao. Hakuna aliyevunja sharti hata moja. Sharti nililiharibu mimi, nilipowaondoa watu wazima ili nisiwaudhi watu wazima.

Tulikaa pale pale kwenye saruji tukaandika upya, yeye akisema, mimi nikiandika. Niliandika kuwa mtoto anayezama hapigi kelele. Mzee akatikisa kichwa. "Umeanza tena kuzika watu. Mwambie afanye nini." Nikafuta, nikaandika: Usingoje mtoto akuite. Mtazame wakati wote. Hilo akalikubali. Kisha: Mzazi, ingia majini na mtoto wako mdogo, awe karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono. Na la mwisho, ambalo mkono wangu ulisita kuliandika: Kumlinda mtoto majini ni kazi ya mtu mzima. Usimpe mtoto kazi hiyo.

Mchoraji alipolalamika kuhusu ubao nilimwambia atafute ubao mwingine, na asinijibu. Akautafuta.

Jumapili iliyofuata binti yangu hakutaka kwenda. Nilimvuta. Kufika langoni akasimama mbele ya bango jipya, akalisoma kwa sauti kama wanavyosoma darasani, kidole kikifuata mstari. Alipofika mwisho akarudia kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kisha akanigeukia.

"Mama, haya umeandika wewe?"

"Mimi."

"Basi ulinichapa kwa nini?"

Akina mama wenzangu walikuwa nyuma yetu, wakingoja kupita. Nilipiga magoti pale langoni na gauni langu la kanisani, nikamwambia nilikosea, kazi ile ilikuwa yangu, si yake, na anisamehe. Nililia, na sikujali nani ananiona.

Binti yangu akauchukua mkono wa mdogo wake, akautia ndani ya wangu, akavikunja vidole vyangu kimoja kimoja mpaka vikakaza.

"Basi mshike," akasema. "Mimi naenda kucheza."